Dari ya Ofisi Inavuja: Namna ya Kumpa Meneja wa Jengo Taarifa Itakayomleta Fundi Anayehusika

"Dari inavuja, tafadhali tuma fundi." Ujumbe huu una adabu zote, lakini meneja wa jengo akiusoma anabaki akibahatisha. Fundi yupi? Maji ya darini yanaweza kuwa yametoka kwenye bomba la maji safi, kwenye bomba la majitaka la choo cha ghorofa ya juu, kwenye paa au ukuta wa nje, au kwenye kiyoyozi. Meneja atamtuma aliye karibu, mara nyingi fundi bomba. Fundi bomba ataangalia mabomba, asione kitu, aandike "hakuna tatizo lililoonekana," na kazi itafungwa. Wewe utabaki na ndoo yako.

Mpangaji hatakiwi kujua ugonjwa. Anatakiwa kueleza dalili, kwa sababu yeye ndiye anayekaa nazo siku nzima ilhali fundi anakuja kwa nusu saa. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: ofisi ya kupanga kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la ghorofa tano. Maji yanadondoka kwenye kona karibu na mashine ya fotokopi, na baada ya siku chache taa za upande huo zinaanza kuzimika zenyewe.

Kwanza: maji yasikutane na umeme

Kabla ya kupiga picha au kuandika chochote, ondoa watu chini ya sehemu inayovuja. Bodi za dari hunyonya maji na kuwa nzito, na huweza kuanguka bila kutoa ishara. Ukiona bodi imevimba au imelegea katikati, usiichokoe kwa fimbo ya ufagio ili maji yamwagike, hasa kama kuna taa karibu yake. Weka ndoo, funika vifaa kwa nailoni na sogeza vinavyosogezeka.

Kama maji yanapita kwenye taa, soketi au waya, zima breka ya sehemu hiyo kwenye boksi la breka na uiache chini. Usichomoe plagi kwa mkono uliolowa wala ukiwa umesimama kwenye maji. Kama boksi lenyewe limelowa, usiliguse kabisa. Watu watoke chumbani na meneja apigiwe simu.

Ninasema apigiwe, kwa sababu yapo mambo ambayo hayasubiri barua pepe: maji yanayomwagika kwa nguvu, maji yaliyofika kwenye umeme, harufu ya plastiki inayoungua, cheche, au mlio wa kunguruma ndani ya boksi la breka. Moshi au moto ukionekana, tokeni nje na wapigieni simu zimamoto kwanza. Meneja atajua baadaye. Kwa maji yanayomwagika kwa nguvu, dawa ya haraka ni koki kuu ya ghorofa. Ulizia iko wapi na ufunguo anao nani siku ile ile unayohamia, maana hakuna anayeitafuta kwa utulivu huku zulia linaelea.

Mengine yote yanastahili taarifa ya maandishi, na taarifa hiyo inahitaji kutazama kwanza.

Kuyatazama maji

Usiamini mahali yanapodondokea. Maji yakitoka kwenye chanzo hufuata bomba, waya au fremu za chuma za dari mpaka yapate upenyo au mahali palipoinama, ndipo yanaanguka. Chanzo kinaweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye ndoo. Ndiyo maana sentensi kama "bomba lililo juu ya fotokopi limepasuka" inapoteza watu: hujaliona bomba, umeona tone tu. Sema lilipo tone, halafu sema lini.

"Lini" ndilo swali linalotenganisha vyanzo vile vinne.

Bomba la maji safi lina presha muda wote, kwa hiyo likitoboka linavuja mchana na usiku, siku za kazi na sikukuu, kwa kasi inayokaribia kuwa ile ile. Maji yake ni safi na hayana harufu. Ukifika asubuhi ya Jumatatu na kukuta ndoo imejaa ilhali jengo lilikuwa tupu, mshuku huyo kwanza.

Bomba la majitaka halina presha. Maji hupita pale tu mtu anapotumia choo au sinki, hivyo uvujaji wake huja kwa vipindi: kimya, mmiminiko mfupi, kimya tena. Huongezeka asubuhi na wakati wa chakula cha mchana. Huwa na harufu au rangi, ingawa maji ya sinki yanaweza kuwa safi yakakudanganya.

Paa, baraza la juu na ukuta wa nje hufuata mvua, lakini kwa kuchelewa. Zege na tabaka za paa hulowa kwanza, kisha huachia maji polepole. Dari inaweza kuanza kudondosha saa kadhaa baada ya mvua kuanza na kuendelea jua likiwa limeshatoka. Kwa hiyo usiandike tu kwamba mvua haikuwa ikinyesha wakati dari inavuja. Andika mvua ya mwisho ilinyesha lini. Kama inavuja tu mvua inapokuja na upepo wa upande fulani, litaje hilo, maana linaelekeza kwenye dirisha au ufa wa ukuta badala ya paa.

Kiyoyozi ndicho kinachosahaulika zaidi. Hewa yenye unyevu ikigusa koili baridi iliyo ndani ya kiyoyozi, unyevu hugeuka maji, yakaangukia kwenye trei na kutoka nje kwa bomba dogo. Bomba hilo likizibwa na vumbi na uteute, trei hujaa na kumwagikia darini. Chujio chafu nacho huleta balaa kwa njia nyingine: hewa ikipita kidogo mno, koili huganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji huwa mengi kuliko trei inavyoweza kubeba. Dalili yake ni kwamba maji huanza muda fulani baada ya kiyoyozi kuwashwa na hukoma muda fulani baada ya kuzimwa. Ni masafi na mara nyingi baridi. Siku ya joto lenye unyevunyevu huongezeka.

Kwa hiyo, kwa siku mbili au tatu (kama maji ni machache na hayagusi umeme), fanya kazi ndogo. Chora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wa doa na uandike tarehe. Mwaga ndoo kila asubuhi na kila jioni, na uandike ilikuwa na kiasi gani. Kabla ya kufunga ofisi mwisho wa wiki iache ikiwa tupu, na uitazame kabla hujawasha kitu chochote siku ya kurudi. Ndoo ya mwisho wa wiki ina ushahidi mwingi, kwa sababu ofisini hakuna kilichowashwa na vyoo havijatumika. Yaliyobaki ni bomba lenye presha na mvua tu.

Umeme nao una tabia zake

Tatizo la umeme hupoteza muda kwa namna hiyo hiyo pale mpangaji anapoandika "umeme unakatika." Jambo la kwanza ni kujua umekatika kwa nani. Jirani wa ghorofa hiyo hiyo ana umeme? Taa za ngazini zinawaka? Jengo zima likiwa giza, ni suala la shirika la umeme au la njia kuu ya jengo. Kama ni ofisi yako peke yake, fungua boksi la breka utazame ipi imeshuka, kisha nakili jina au namba iliyoandikwa juu yake.

Namna breka inavyojikata inasema mengi. Ikikaa dakika kadhaa halafu ikashuka, hasa birika na hita vikiwa vimewashwa pamoja, mzigo ni mkubwa. Ikishuka papo hapo unapoinyanyua, pengine kwa mlio, kuna mahali waya zimegusana. Zipo pia breka zenye kitufe cha majaribio, ambazo kazi yake ni kuhisi umeme unaovujia ardhini. Za kulinda watu kwa kawaida hukata uvujaji ukifika miliampia 30, kiasi ambacho hata unyevu kidogo kwenye taa unaweza kukifikia. Breka ya aina hii ikishuka siku za unyevu na kukaa vizuri siku kavu, liandike hilo hata kama unaona ni ushirikina.

Ruhusa ya mpangaji inaishia hapa: chomoa vifaa vyote vya njia hiyo, inyanyue breka mara moja tu. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kile kinachoiangusha ndicho chenye kasoro, na huenda ni mali yako wala si ya jengo. Ikianguka hata vifaa vikiwa vimechomolewa, iache na umwite meneja. Breka haijikati kwa ukorofi, na kuinyanyua mara kwa mara ni kupasha moto waya ambao tayari una tatizo. Na kama unajua kuna maji kwenye njia hiyo, hata hiyo mara moja usiijaribu.

Kuna dalili moja ya kupigia simu bila kuchelewa: baadhi ya taa zinafifia huku nyingine zinawaka kupita kawaida. Kwenye jengo la fezi tatu, hiyo inaweza kumaanisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, imelegea au imekatika, na vifaa vilivyopangiwa volti 230 vinaweza kupokea zaidi sana ya hizo. Zima swichi kuu ya ofisi, kisha piga. Tofauti na hapo, ukikuta nusu ya ofisi ina umeme na nusu haina huku breka zote ziko juu, huenda fezi moja imepotea. Liandike kwa maneno hayo hayo, "nusu ina, nusu haina, breka zote ziko juu," na fundi umeme ataelewa kabla hajafika.

Mkataba unasema nani atengeneze

Uchukue mkataba wa pango na utafute kifungu cha matengenezo. Mara nyingi paa, kuta za nje, mabomba ya pamoja na njia kuu ya umeme ni vya mwenye jengo, na ulivyoongeza mwenyewe ndani ni vyako. Viyoyozi ndivyo vinavyoleta mabishano, kwa hiyo soma kama vimetajwa na nani anapaswa kuvifanyia sevisi. Hata kama unaamini si kazi yako, ripoti. Mikataba mingi inamtaka mpangaji atoe taarifa mapema, na ukikaa kimya mpaka dari ianguke unaweza kuulizwa kwa nini.

Kumleta fundi wako kufungua dari ni hatua ya kufikiria mara mbili. Huenda mkataba unakataza, na akigusa bomba la pamoja likazidi kuharibika, gharama inaweza kuhamia kwako. Kupanda ghorofa ya juu kumgombeza mpangaji mwenzako nako hakusaidii. Meneja ndiye mwenye utaratibu wa kuingia kwake.

Kuandika taarifa

Ofisi ya mfano wetu iliandika Jumanne ya kwanza: "Dari inavuja." Fundi bomba alikuja Jumatano, akakagua choo cha juu, akakuta pakavu, akafunga kazi. Alhamisi taa zikazimika. Jumatatu iliyofuata waliandika hivi, na ndiyo taarifa ninayopendekeza kama kielelezo:

> Kichwa: Maji darini na taa kujikata, ghorofa ya 3, kona ya fotokopi (hayajaisha tangu ukaguzi wa Jumatano)
>
> Ndugu Meneja, habari za kazi.
>
> Maji bado yanadondoka kwenye kona ya kaskazini ya chumba kikubwa, takriban mita moja kutoka dirishani. Tunashukuru fundi bomba alikuja Jumatano, lakini hali haijabadilika.
>
> Tulichoona: viyoyozi tunawasha saa mbili asubuhi. Matone yanaanza karibu saa nne na kukoma kama saa moja baada ya kuzima saa kumi na moja jioni. Maji ni masafi, ya baridi, hayana harufu. Kwa siku tunapata kiasi cha lita tatu. Jumamosi mchana tuliacha ndoo tupu. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha, na leo asubuhi kabla ya kuwasha viyoyozi ndoo ilikuwa kavu.
>
> Umeme: Alhamisi saa tisa alasiri breka iliyoandikwa "TAA 2" ilijikata. Mlinzi aliinyanyua Ijumaa asubuhi ikakaa, saa nane mchana ikajikata tena. Tangu hapo tumeiacha chini. Taa moja ya njia hiyo iko kando ya bodi iliyolowa.
>
> Bodi mbili za dari zimevimba. Tumesogeza fotokopi na hatukai eneo hilo.
>
> Tunaomba: fundi wa viyoyozi aje mchana viyoyozi vikiwa vinafanya kazi, na fundi umeme akague taa kabla breka haijarudishwa. Ofisi iko wazi saa mbili hadi kumi na moja. Nje ya hapo ufunguo uko kwa mlinzi na mmoja wetu atakuja mkipiga simu.
>
> Picha tatu na video fupi zimeambatishwa. Tafadhali tupatie namba ya kazi na siku ya fundi kufika.

Tazama kwamba hakuna mahali waliposema "kiyoyozi kimeziba." Saa zimesema. Ukimtajia meneja sababu na ukakosea, taarifa nzima inashuka thamani. Ukimpa saa na kiasi, hata akikataa dhana yako bado ana kitu cha kufanyia kazi. Ombi la fundi aje mchana ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, kwa kuwa asubuhi na mapema kila kitu kingekuwa kikavu.

Picha ziwe za aina mbili: moja ya mbali inayoonyesha chumba ili fundi ajue aelekee wapi, nyingine za karibu. Zipigwe kabla hujafuta maji. Orodha ya vifaa vilivyoharibika usiiweke kwenye barua hii. Iandikie barua yake, kwa meneja na kwa bima yako, vinginevyo mazungumzo yatahamia kwenye fidia na fundi atasahaulika.

Kama jengo lina mfumo wa kupokea maombi, tumia huo hata kama meneja ni rafiki yako na hujibu watsapu haraka. Simu na watsapu ni za kuharakisha, baada ya kupiga, andika mstari mmoja: "Kama tulivyozungumza saa tano leo..." Meneja akibadilishwa, rafiki anaondoka na simu yake, na maandishi ya mfumoni yanabaki.

Baada ya kutuma

Simu ya kufuatilia haihitaji ugomvi.

"Habari za kazi, kaka. Ni wa ghorofa ya tatu, kuhusu ile kazi ya dari."

"Nzuri dada, poleni. Fundi atakuja kesho asubuhi."

"Ahsante. Naomba awe wa mchana, kaka. Asubuhi hatakuta tone hata moja."

Fundi akija, awepo mtu ofisini aliyeyaona maji, na si mpokea wageni aliyeanza kazi jana. Katika mfano wetu fundi viyoyozi alimimina maji kwenye trei na yakabaki pale pale. Alizibua bomba, kipande cha uteute kikatoka, akasafisha chujio. Fundi umeme akashusha taa, akakuta ndani mna maji, akaikausha na kupima waya kabla ya kunyanyua breka. Hilo ndilo lililoeleza kwa nini breka ilikuwa ikikaa asubuhi na kuanguka mchana: taa ilikuwa ikikauka usiku.

Kama siku iliyoahidiwa imepita, jibu kwenye barua ile ile badala ya kuanzisha mpya, ili mlolongo wa tarehe uonekane. Ongeza kilichobadilika tu: doa limevuka mstari wa penseli kwa kiasi gani, bodi ya tatu imevimba. Ukimya ukiendelea, nakala iende kwa mwenye jengo kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba kwa ajili ya taarifa rasmi. Mikataba mingine haitambui barua pepe kwa jambo hilo. Kuzuia kodi ili kumshinikiza ni hatari, kwani kunaweza kukugeuza wewe kuwa mvunja mkataba. Pata ushauri wa mwanasheria kabla ya kufika huko.

Kazi isifungwe siku fundi anapoondoka. Ifungwe pale hali iliyokuwa ikileta maji imejirudia bila maji kuonekana: kwa kiyoyozi, siku nzima au mbili za joto, kwa paa, mvua kubwa inayofuata, kwa majitaka, siku ya kazi yenye watu wengi juu. Mwambie meneja hivyo kwa maandishi, na umwombe bodi mpya za dari zisiwekwe mpaka hapo, kwa sababu uwazi ule ndio utakaokuonyesha kama kuna tone limerudi.